Ukuta kantileva wa kuzuia udongo: maswali kuhusu msukumo tendaji, ukinzani wa udongo na kabari

Majibu yote hapa chini yanamhusu ukuta mmoja tu, ili hesabu ifuatike tangu mwanzo hadi mwisho. Ni ukuta wa zege wenye umbo la T iliyopinduliwa. Kutoka chini ya kitako hadi usawa wa ardhi iliyo nyuma ni mita 4. Kitako kina unene wa mita 0.4 na upana wa mita 2.6: kidole, yaani sehemu inayotokeza mbele, ni mita 0.7, shina lina unene wa mita 0.3, na kisigino, sehemu iliyolala chini ya kifusi, ni mita 1.6. Kifusi ni mchanga mkavu wenye uzito wa kN 18 kwa mita ya ujazo na pembe ya msuguano wa ndani ya nyuzi 30. Ardhi ya nyuma ni tambarare. Mbele, udongo umefika kimo cha mita 0.9 kutoka chini ya kitako. Zege tunalihesabu kN 24 kwa mita ya ujazo. Kani zote ni za kila mita moja ya urefu wa ukuta.

## Msukumo tendaji ni nini, na ukinzani ni nini?

Udongo uleule unaweza kuusukuma ukuta kwa kani tofauti kabisa, kutegemea ukuta umesogea wapi.

Ukuta ukikaa pale pale bila kusogea hata kidogo, udongo unausukuma kwa kiasi cha kati, kinachoitwa msukumo wa utulivu. Ukuta ukijongea mbele, ukiukimbia udongo, mchanga nao unataka kuporomoka kuufuata. Lakini unapoporomoka chembe zake zinasuguana, na msuguano huo unabeba sehemu ya uzito wake. Kinachobaki kuufikia ukuta ni kidogo kuliko mwanzo. Hicho ndicho msukumo tendaji, na ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho udongo huo unaweza kusukuma.

Ukuta ukienda upande wa pili, ukiusukuma udongo, mambo yanageuka. Sasa udongo unabanwa na kulazimishwa kupanda juu. Uzito wake unapinga na msuguano nao unapinga, vyote viwili vikiwa upande mmoja. Kani ya mwisho kabla udongo haujakubali kung'oka ni ukinzani wa udongo, na huwa mara nyingi zaidi ya msukumo tendaji. Kwa mchanga wetu ni mara 9.

Kwenye ukuta kantileva hali zote mbili hutokea kwa wakati mmoja: nyuma ukuta unaukimbia udongo, mbele ya kidole unaubana.

## Nadharia ya kabari inasema nini, kwa lugha nyepesi?

Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa amejenga ngome katika kisiwa cha Martinique, aliiwasilisha hoja hii kwenye Chuo cha Sayansi cha Paris mwaka 1773. Ikachapishwa mwaka 1776. Wazo lake halikuanza na kila chembe ya udongo. Alijiuliza: ukuta ukijongea, ni kipande gani cha udongo kitakachoteremka?

Kipande hicho kina umbo la kabari ya kupasulia kuni. Upande mmoja ni mgongo wa ukuta, wa pili ni uso wa ardhi, na wa tatu ni mkato wa mshazari ndani ya udongo, unaoanzia chini kabisa ya ukuta na kupanda hadi juu. Kabari hiyo inashikiliwa na vitu vitatu tu: uzito wake unaoivuta chini, udongo thabiti ulio chini ya mkato unaoibeba kwa msuguano, na ukuta unaoizuia isiendelee kuteremka. Vitatu hivyo vikisawazishwa, kani ya ukuta inapatikana kwa mstari mmoja:

```
P = W × tan(θ − φ)
```

W ni uzito wa kabari, θ ni pembe ya mkato kutoka usawa wa ardhi, na φ ni pembe ya msuguano wa ndani, hapa nyuzi 30. Tumechukulia kwamba mgongo wa ukuta ni wima na hauna msuguano na udongo, ili picha ibaki safi.

Tatizo ni kwamba hatujui mkato utapita wapi. Coulomb alilitatua kwa ujanja mzuri: jaribu mikato mingi, kisha chukua ule unaodai kani kubwa kuliko yote. Ukuta ulioweza kuizuia kabari mbaya kuliko zote umezizuia na nyingine.

## Tuoneshe hesabu ya mikato hiyo.

Kabari yenye kimo cha mita 4 ina uzito wa kN 144 ukigawanywa kwa tan θ. Tuanze na mkato uliolala, nyuzi 50. Kabari ni nene, ina kN 120.8, lakini imekaa kwenye mteremko wa wastani, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito wake inabebwa na msuguano. Ukuta unaguswa na kN 44.0.

Tusimamishe mkato hadi nyuzi 70. Mteremko sasa ni mkali na kabari inataka kuteleza kwelikweli, ila imekuwa nyembamba: kN 52.4 tu. Ukuta unapata kN 44.0 tena. Kati ya hapo, nyuzi 55 na nyuzi 65 zote zinatoa 47.0, na nyuzi 60 inatoa kN 48.0. Hapo ndipo kilele kilipo.

Angalia miisho pia, maana inaeleza mengi. Mkato wa nyuzi 30 unatoa sifuri, kwa sababu mteremko unaolingana na pembe ya msuguano unajishikilia wenyewe bila ukuta. Mkato wa nyuzi 90 nao unatoa sifuri, kwa sababu hakuna udongo ndani yake. Kabari hatari iko katikati kabisa ya miisho hiyo miwili, yaani nyuzi 45 ukijumlisha nusu ya φ.

Zingatia pia jinsi kilele kilivyo bapa: ukikosea mkato kwa nyuzi 5, kani inapungua kwa kN 1 tu. Ndiyo maana njia ya kujaribu mikato kwa mkono, kwa penseli na karatasi ya miraba, inatoa jibu zuri hata ardhi ya nyuma ikiwa na vilima na mabonde yasiyoingia kwenye fomula yoyote.

## Sasa Ka inatoka wapi?

Ka ni kizidishi cha msukumo tendaji, na ni kilele kilekile kilichoandikwa kwa kifupi. Mwaka 1857 mhandisi Mskoti, William Rankine, alifika kwenye matokeo hayo kwa njia nyingine, akiangalia hali ya mkazo ndani ya udongo badala ya kabari nzima:

```
Ka = tan²(45° − φ/2) = 1/3
Pa = ½ × Ka × γ × H² = ½ × 1/3 × 18 × 4² = 48 kN/m
```

Hapa γ ni uzito wa mchanga kwa mita ya ujazo na H ni kimo. Kwa ardhi tambarare na mgongo wima usio na msuguano, Coulomb na Rankine wanakubaliana hadi desimali ya mwisho.

Shinikizo linaanza sifuri juu na kukua sawasawa hadi kPa 24 chini ya kitako. Kwa kuwa umbo lake ni pembetatu, kani yote inachukuliwa kwamba inagonga kwenye theluthi ya kimo kutoka chini, mita 1.33. Momenti ya kupindua ni 48 × 1.33, yaani kN·m 64. Ukiongeza kimo cha ukuta mara mbili, kani inakua mara 4 na momenti mara 8. Anayeomba "tuongeze mita moja tu juu" huwa hajui anaomba kiasi gani.

## Shina liko mbele na kisigino kiko nyuma. Kani inachukuliwa kwenye uso upi?

Hapa ndipo wengi hupotea. Mchanga uliokaa juu ya kisigino hauteremki peke yake. Unatembea pamoja na ukuta kama mzigo uliopakiwa. Kwa hiyo kwa ajili ya kuteleza na kupinduka, tunachora mstari wima kutoka ncha ya kisigino hadi juu ya ardhi na kuuchukulia kama mgongo wa ukuta. Kilicho mbele ya mstari huo ni uzito wetu, rafiki. Kilicho nyuma yake ni kabari inayosukuma, na kimo chake ni mita 4 kamili, unene wa kitako ukiwemo.

Kosa la kawaida ni kutumia kimo cha shina, mita 3.6, kwa kila kitu. Kani inashuka kutoka 48 hadi 38.9, na ukuta unaonekana salama kwenye karatasi kwa sababu mtu amesahau sentimita 40 za mwisho, ambazo ndizo zenye shinikizo kubwa.

Kimo cha mita 3.6 ni sahihi pale tu unapokokotoa nguvu ya shina lenyewe. Hapo momenti mguuni mwa shina ni 38.9 × 1.2, takriban kN·m 46.7.

## Kabari ya mbele inafanyaje kazi?

Ni hesabu ileile iliyogeuzwa. Kidole kikiubana udongo, kabari inasukumwa kupanda mteremko, na msuguano unaelekea chini pamoja na uzito. Alama ya kutoa inakuwa ya kujumlisha:

```
P = W × tan(θ + φ)
```

Safari hii tunatafuta mkato unaotoa kani ndogo kuliko yote, kwa sababu udongo utang'oka kwenye njia iliyo rahisi kwake. Kwa kimo cha mita 0.9, mkato wa nyuzi 20 unahitaji kN 23.9, wa nyuzi 40 vilevile 23.9, na wa nyuzi 30 unahitaji 21.9. Huo wa nyuzi 30 ndio jibu, na unalingana na kizidishi cha ukinzani, Kp, cha 3.

Mkato wa nyuzi 30 umelala sana. Kabari yenye kimo cha mita 0.9 tu inatokeza ardhini mita 1.56 mbele ya kidole. Kumbuka kipimo hicho, tutakirudia.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kuongeza msuguano kati ya zege na udongo kwenye fomula ya Coulomb. Upande wa nyuma hakuna shida kubwa. Upande wa mbele, mkato halisi unapinda, na ule ulionyooka unadanganya kwa kuzidisha. Kwa φ ya nyuzi 30 na msuguano kamili wa ukuta, fomula ya mkato ulionyooka inatoa Kp ya 10.1, ilhali mikato iliyopinda inatoa kati ya 6 na 7. Baki na 3.

## Je, ukuta wetu unasimama?

Kwanza uzito. Shina lina kN 25.9, kitako kN 25.0, na mchanga ulio juu ya kisigino kN 103.7. Jumla ni kN 154.6. Theluthi mbili za uzito huo ni mchanga, wala si zege. Ukuta kantileva unajizuia kwa udongo uleule unaousukuma.

Kupinduka: tukipima kutoka ncha ya kidole, uzito huo una momenti ya kN·m 241. Tukigawanya kwa 64 tunapata 3.8, wakati desturi inadai 2. Hapa hakuna wasiwasi.

Shinikizo chini ya kitako: kani ya jumla inaangukia mita 1.15 kutoka ncha ya kidole, sentimita 15 tu mbele ya katikati. Hiyo iko ndani ya theluthi ya kati, kwa hiyo kitako chote kinagusa ardhi, kwa kPa 81 kidoleni na kPa 38 kisiginoni. Udongo wa chini unapaswa kubeba hizo 81.

Kuteleza: tukichukua msuguano wa chini kuwa theluthi mbili za φ, yaani nyuzi 20, tan yake ni 0.364. Uzito wa 154.6 unatoa kN 56.3 za kuzuia. Gawanya kwa 48: ni 1.17. Kinachodaiwa ni 1.5. Ukuta umeanguka mtihani.

Picha hii ni ya kawaida kabisa kwa kantileva. Macho ya watu huangalia kupinduka, kwa sababu ndiko kunakoogopesha, lakini kuteleza ndiko kunakoamua upana wa kitako.

## Tukijumlisha ukinzani wa mbele, si unapita?

Kwenye karatasi, ndiyo. 56.3 na 21.9 ni 78.2, gawanya kwa 48 upate 1.63. Ndiyo sababu kishawishi ni kikubwa. Tunashauri usikubali, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni mwendo. Msukumo tendaji unahitaji ukuta usogee kidogo sana: kwa mchanga wa ushindilifu wa kati, takriban 0.002 ya kimo, yaani milimita 8 kwa mita 4. Ukinzani kamili unahitaji kama mara kumi ya uwiano huo, 0.02 ya kimo kilichobanwa. Kwa mita 0.9 ni milimita 18, na kama mchanga ni legevu ni milimita 36. Kwa maneno mengine, nyuma kani imeshafika kamili wakati mbele ukinzani bado unaamka. Kuujumlisha wote ni kukubali kwamba ukuta utateleza sentimita mbili ndipo uwe salama.

Ya pili ni jembe. Udongo wa mbele hauna mwenyewe. Miaka mitatu baadaye anakuja mtu kulaza bomba au kuchimba mfereji wa maji ya mvua, na hakuna aliyemwambia kwamba zile mita 1.56 mbele ya kidole ni sehemu ya ukuta. Hata bila jembe, tabaka la juu hulainika, hukauka na kupasuka, na maji hulikwangua. Isitoshe, udongo huo mara nyingi ni ule ulioghasiwa wakati wa kuchimba msingi na kurudishwa bila kushindiliwa.

Wahandisi wengi huacha kabisa ukinzani, au huondoa nusu mita ya juu na kuchukua nusu ya kilichobaki. Kwa ukuta wetu, njia hiyo ya pili inabakiza kimo cha mita 0.4 na kN 2.2, ambayo haisaidii chochote.

## Basi turekebisheje?

Rudi kwa rafiki yako: mchanga ulio juu ya kisigino. Kila sentimita 10 za kisigino zinaongeza kN 6.5 za mchanga na kama kN 1 ya zege. Kisigino kikitoka mita 1.6 hadi 2.2, kitako kinakuwa mita 3.2, uzito unafika kN 199.2, na msuguano kN 72.5. Gawanya kwa 48: ni 1.51, bila kuomba msaada wa udongo wa mbele. Gharama yake ni mita za ujazo 0.24 za zege kwa kila mita ya ukuta, pamoja na nondo zake na uchimbaji zaidi nyuma.

Kurefusha kidole badala ya kisigino hakufai kitu hapa. Kidole husaidia kupinduka, ambako hatuna shida, na juu yake kuna udongo kidogo sana.

Njia nyingine ni jino: kipande cha zege kinachoshuka chini ya kitako kama kisu. Faida yake ni kwamba kinaubana udongo wa asili ulio chini, ambao jembe halifiki. Lakini jino si la bure. Likiwekwa chini ya kisigino na kushuka nusu mita, kabari ya nyuma nayo inaanzia chini zaidi. Kwa kimo cha mita 4.5 kani inapanda kutoka 48 hadi 60.8. Lichimbwe pia kwa usahihi na kumwagwa zege likigusa udongo usioghasiwa. Jino lililotengenezwa kwa mbao kisha likajazwa mchanga legevu pembeni ni pambo.

Na msuguano wa chini? Zege lililomwagwa moja kwa moja juu ya mchanga safi hushika vizuri kuliko nyuzi 20, na baadhi ya kanuni huruhusu zaidi. Sisi tunabaki na theluthi mbili kwa sababu uso wa shimo, siku ya kumwaga zege, mara nyingi umekanyagwa ukawa tope.

## Maji yanabadilisha nini?

Yanabadilisha kila kitu. Kabari ina msuguano; maji hayana. Ka ya maji ni 1.

Tuseme matundu ya kutolea maji yameziba na maji yamejaa hadi juu ya ardhi. Mchanga uliolowa una kN 20 kwa mita ya ujazo, lakini ukiwa umeelea majini uzito wake unaohesabika ni kama 10.2. Msukumo wa mchanga unashuka hadi kN 27.2, jambo linaloonekana zuri. Ongeza maji: nusu ya 9.81 kwa mraba wa 4, kN 78.5. Jumla ni kN 105.7, zaidi ya mara mbili ya mwanzo.

Wakati huohuo maji yanapita chini ya kitako na kukinyanyua. Tukichukua shinikizo kamili kisiginoni na sifuri kidoleni, ukuta wetu uliopanuliwa unapoteza kN 63 za uzito. Msuguano unabaki kama kN 55 dhidi ya 105.7. Uwiano ni 0.52. Ukuta huo unaondoka, na hakuna ukinzani wa mbele utakaouzuia.

Kwa hiyo tabaka la kokoto safi la sentimita 30 nyuma ya shina, kitambaa cha kuchujia kati yake na mchanga, bomba lenye matundu lililolazwa chini kwa mteremko, na matundu ya milimita 75 kwenye shina kila mita 1.5 hadi 2, ni sehemu ya hesabu ya nguvu. Kitambaa kikisahaulika, chembe laini huhamia kwenye kokoto na kuziba kazi yote ndani ya misimu michache.

## Mzigo juu ya ardhi ya nyuma unaingiaje?

Kabari inakuambia. Mkato wa nyuzi 60 unatokeza mita 2.31 nyuma ya ncha ya kisigino. Mzigo uliokaa juu ya kabari unaongeza uzito wake. Uliokaa mbali na hapo hauigusi sana.

Mzigo uliotandazwa, q, wa kPa 10, kiasi kinachotumika mara nyingi kwa magari mepesi, unaongeza Ka × q × H, yaani kN 13.3, na unagonga nusu ya kimo, si theluthi. Uwiano wa kuteleza wa ukuta uliopanuliwa unashuka kutoka 1.51 hadi 1.18. Kama magari yatapita nyuma, kitako kianze kupimwa upya. Uzito wa magari yaliyo juu ya kisigino usiuhesabu kama msaada, maana gari linaweza kusimama nyuma ya kisigino tu.

## Lini haifai kutumia Ka?

Pale ukuta usipoweza kusogea. Ukuta wa chumba cha chini ya ardhi uliofungwa na slabu juu hauna nafasi ya kujongea, kwa hiyo udongo unabaki kwenye msukumo wa utulivu:

```
K0 = 1 − sin φ = 0.5
```

Kani inakuwa kN 72 badala ya 48. Ndivyo ilivyo pia kwa kantileva iliyokaa juu ya mwamba na kufungwa nao, na kwenye kona ambako kuta mbili zinashikana.

Kushindilia kifusi nako hubana mchanga na kuacha msukumo wa ziada, hasa mitambo mizito ikipita karibu na shina. Tumia mashine ndogo ya mkono kwenye mita moja na nusu iliyo karibu na ukuta, kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20. Baadhi ya wabunifu hukokotoa nondo za shina kwa K0 kwa sababu hiyo, na momenti mguuni inakuwa kN·m 70 badala ya 46.7. Ni nondo chache za ziada, nasi tunaona zinafaa.

## Nondo kuu zinakaa upande gani?

Shina linapindishwa mbele, kwa hiyo linavutwa upande wa udongo. Nondo kuu za wima ziwe huko nyuma. Kisigino kinalemewa na mchanga kutoka juu na kinataka kuvunjika kuelekea chini, kwa hiyo nondo zake kuu ziko juu. Kidole kinasukumwa na ardhi kutoka chini. Zake ziko chini. Nondo za shina zikiwekwa upande wa mbele, unaoonekana, ukuta unasimama vizuri hadi kifusi kifike juu, kisha unakatika mguuni.

## Kifusi cha mfinyanzi kina tatizo gani?

Kwenye karatasi mfinyanzi unaonekana bora, kwa sababu mshikamano wake unapunguza msukumo. Kwa mshikamano wa kPa 10 na φ ileile, hesabu inasema mita 1.9 za juu hazisukumi kabisa. Kwa kweli sehemu hiyo inavutwa, inapasuka, na mvua ya kwanza inajaza ufa. Sasa una maji ya kina cha mita 1.9 yakisukuma mahali ulipoandika sifuri. Mfinyanzi unaovimba ukilowa ni mbaya zaidi: unausukuma ukuta kwa nguvu ya kuvimba, ambayo haina uhusiano wowote na Ka. Uchimbe utoke, angalau ndani ya eneo la kabari, na ujaze mchanga au changarawe.

## Nikiwa mbele ya ukuta uliokwisha kujengwa, nitajuaje kinachoendelea?

Tembea kwanza juu, nyuma yake. Ufa mrefu ardhini unaofuata ukuta sambamba ni kichwa cha mkato wa kabari. Pima umbali wake kutoka shina. Kwa ukuta wetu wa mwanzo ungetarajiwa karibu na mita 3.9, yaani kisigino cha 1.6 na zile 2.31. Ufa ulio pale unasema ukuta wote umejongea. Ufa ulio karibu kabisa na shina mara nyingi ni kifusi kilichoshuka tu kwa kukosa kushindiliwa.

Kisha shuka mbele. Udongo uliotuna mbele ya kidole, au vigae vya njia vilivyoinuka na kubanana, ni kabari ya ukinzani ikianza kupanda: ukuta unateleza. Shina likiwa limelala mbele huku udongo wa mbele ni tambarare, pima kwa timazi ukilinganisha juu, katikati na chini. Mstari ulionyooka lakini umelala unaonesha kitako kimezama kidoleni. Mstari uliopinda, pamoja na ufa wa mlalo mgongoni mwa shina karibu na kitako, unaonesha shina lenyewe limeshindwa. Ufa huo wa nyuma hauonekani bila kuchimba.

Mwisho angalia matundu baada ya mvua kubwa. Matundu makavu na zege lenye madoa ya unyevu kati yake ni ishara kwamba maji yamekwama nyuma. Zibua matundu kwa fimbo ya chuma kuanzia safu ya chini, ukisimama pembeni, kwa sababu maji yaliyobanwa hutoka kwa kasi. Yakitoka na mchanga, kitambaa cha kuchujia hakipo au kimechanika, na nyuma kuna shimo linalokua.